Mafuta ya transfoma yakifeli kipimo: jinsi barua ya mhandisi inavyoombea transfoma mpya

Transfoma ikilipuka Omurushaka au Nkwenda, watu wote wanajua siku hiyo hiyo. Mashine za kusaga zinanyamaza, friji za maduka zinaanza kuyeyuka, na simu zinapelekwa kuchajiwa kwenye sola ya jirani. Kinachojulikana na wachache ni kwamba transfoma nyingi za mafuta hazifi ghafla. Huanza kuugua miaka kadhaa kabla, na ugonjwa wake unaonekana kwenye mafuta yaliyomo ndani yake. Anayeuona kwanza ni mhandisi wa matengenezo. Lakini mhandisi hana pesa za kununua transfoma mpya, kwa hiyo inambidi aandike barua kwa uongozi. Barua hiyo ikiwa dhaifu, uongozi unasema "bado inafanya kazi, tusubiri", na wote wanasubiri mpaka siku ya mlipuko.

Makala hii inaeleza barua ya namna hiyo: inategemea vipimo gani, vipimo hivyo vina maana gani, na kwa nini jibu si kuchuja mafuta tu. Tumechukua mfano wa kiwanda cha kukoboa kahawa chenye transfoma yake chenyewe. Kiwanda hicho na hesabu zake ni vya mfano, tumevitunga ili maelezo yaeleweke. Viwango vya vipimo ni vile vinavyotumiwa na wahandisi kila siku.

Umeme wetu unakopita

Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera umekuwa ukipokea umeme kutoka Uganda, kwa laini ya kilovolti 132 inayotoka Masaka hadi kituo cha Kyaka, wilayani Missenyi. Huku kwetu Karagwe na Kyerwa umeme husafiri kwenye nguzo ukiwa na kilovolti 33, yaani volti 33,000. Hakuna mota ya mashine wala balbu inayoweza kutumia volti hizo. Transfoma ndiyo inayozishusha hadi volti 400 za mashine kubwa na volti 230 za nyumbani.

Ndani ya transfoma kuna kiini cha chuma kilichozungushiwa koili za waya. Kila waya umefungwa kwa karatasi maalumu, na vyote vimezamishwa kwenye mafuta. Mafuta hayo yana kazi mbili. Kwanza yanazuia umeme wa volti kubwa usiruke kutoka kwenye waya kwenda kwenye waya mwingine au kwenye bati la tanki. Pili yanabeba joto kutoka kwenye koili na kulipeleka kwenye mapezi ya nje ili lipoe kwa hewa. Mafuta yakiharibika, kazi zote mbili zinaharibika pamoja.

Adui wa mafuta ni watatu: maji, joto na hewa. Transfoma nyingi za zamani zinapumua. Mchana zikibeba mzigo mafuta hupata joto, yanatanuka na kusukuma hewa nje. Usiku yakipoa yanasinyaa na kuvuta hewa ndani. Anayejua asubuhi za Karagwe, zenye ukungu na baridi, anajua hewa hiyo ina unyevu kiasi gani. Ndiyo maana pembeni ya transfoma kuna kipumulio, kikopo chenye punje za silika zinazonyonya unyevu kabla hewa haijaingia. Punje za aina ya zamani huwa za bluu zikiwa kavu na hugeuka rangi ya waridi zikishiba maji. Zikikaa za waridi miezi mingi bila kubadilishwa, unyevu unaingia moja kwa moja.

Sampuli kwanza

Barua yote inasimama juu ya chupa ndogo ya mafuta. Chupa ikiwa chafu, barua inaanguka. Kwa hiyo fundi hachukui sampuli siku ya mvua. Hufuta vali ya chini ya tanki, humwaga mafuta ya mwanzo kwenye ndoo kwa sababu yana takataka zilizokaa kwenye bomba, halafu hujaza chupa safi na kavu taratibu bila mapovu. Mafuta ya kupima gesi huchukuliwa kwa sindano kubwa ya glasi ili gesi isitoroke. Fundi huandika tarehe, namba ya transfoma na joto la mafuta wakati huo, kwa sababu kipimo cha maji bila joto hakisomeki vizuri: mafuta ya moto hubeba maji mengi kuliko mafuta baridi.

Na jambo la muhimu zaidi: majibu yakija mabaya, mhandisi makini haandiki barua siku hiyo. Huchukua sampuli ya pili na kuipima tena. Sampuli mbili zikikubaliana, ndipo anashika kalamu.

Barua yenyewe

Hii ndiyo barua ya mfano wetu. Imeandikwa katikati ya Februari, wakati mashine zina kazi ndogo.

Kwa: Meneja Mkuu
Kutoka: Mhandisi wa Matengenezo

YAH: OMBI LA KUBADILISHA TRANSFOMA YA KIWANDA KABLA YA MSIMU WA KAHAWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba kibali cha kununua transfoma mpya ya kVA 315, kilovolti 33, ili ifungwe mwezi Mei kabla ya kazi kubwa ya kukoboa kuanza Juni. Transfoma iliyopo ina miaka 34 na mafuta yake yamefeli vipimo.

Matokeo ya miaka mitatu ni haya. Uwezo wa mafuta kuhimili volti umeshuka kutoka kilovolti 46 hadi 33, na mwaka huu 21. Maji yamepanda kutoka miligramu 18 kwa kilo ya mafuta hadi 31, na sasa 47. Asidi imepanda kutoka 0.14 hadi 0.24, na sasa 0.38. Sampuli ya pili iliyochukuliwa wiki mbili baadaye imetoa kilovolti 22 na maji miligramu 45, hivyo kosa la sampuli tumeliondoa.

Kipimo cha furani kimetoa miligramu 4.1 kwa kilo. Hii ni dalili kwamba karatasi inayofunga koili imebakiza nguvu kidogo sana. Kipimo cha gesi hakikuonyesha asetilini, yaani hakuna dalili ya cheche kubwa ndani kwa sasa. Kwa maoni yangu transfoma haina hitilafu ya ghafla, imezeeka.

Nimefikiria kuchuja mafuta na kuyabadilisha. Njia zote mbili zitasafisha mafuta lakini hazitarudisha karatasi. Sishauri kutumia pesa huko, isipokuwa kama hatua ya muda.

Msambazaji anahitaji wiki 8 kuleta transfoma. Ikifa katikati ya msimu, tutaendesha jenereta wiki hizo zote. Hesabu imeambatanishwa pamoja na profoma tatu na ripoti za maabara.

Wakati tunasubiri, naomba mzigo usizidi kVA 190, kipumulio kibadilishwe, na mafuta yapimwe kila mwezi. Uwezo wa kuhimili volti ukishuka chini ya kilovolti 15, au asetilini ikionekana, nitashauri tuizime.

Naomba uamuzi kabla ya mwisho wa Februari.

Namba zinasema nini

Barua imetaja vipimo vichache, na kila kimoja kina swali lake.

Kipimo cha kwanza kinauliza: mafuta haya yanaweza kuzuia umeme kiasi gani? Maabara humimina mafuta kwenye kikombe chenye vichwa viwili vya chuma vilivyoachana kwa milimita 2.5. Volti hupandishwa taratibu, kilovolti 2 kila sekunde, mpaka cheche iruke. Hurudiwa mara sita na kuchukuliwa wastani. Kwa transfoma za daraja la kilovolti 33, mwongozo wa kimataifa wa mafuta yaliyo kazini, IEC 60422, unayahesabu mafuta kuwa mazuri yakizidi kilovolti 40, ya wastani yakiwa kati ya 30 na 40, na mabaya yakiwa chini ya 30. Mafuta ya mfano wetu yana 21.

Cha pili ni maji. Kwa daraja hilo hilo, chini ya miligramu 30 kwa kilo ni nzuri, na juu ya 40 ni mbaya. Hapa ni 47.

Cha tatu ni asidi. Mafuta yanapokutana na hewa na joto kwa miaka mingi yanachacha, kama mafuta ya kupikia yaliyotumika mara nyingi. Maabara hupima ni miligramu ngapi za dawa ya kuua asidi zinahitajika kwa kila gramu ya mafuta. Chini ya 0.15 ni nzuri, juu ya 0.30 ni mbaya. Asidi ikifika huko huanza kutengeneza tope jeusi linaloziba njia za kupoza. Transfoma inapata joto zaidi, na joto linaongeza asidi. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe.

Angalia kwamba mhandisi hakuandika namba ya mwaka huu peke yake. Ameweka miaka mitatu. Namba moja mbaya inaweza kuwa ajali ya chupa. Namba tatu zinazoelekea upande mmoja zinaonyesha mwendo, na meneja asiyejua umeme anaweza kuuona kwa macho.

Kwa nini asichuje mafuta tu?

Hili ndilo swali ambalo kila meneja huuliza, na ndipo barua nyingi hushindwa. Mashine ya kuchuja mafuta ipo. Inayapasha joto, inayapitisha kwenye ombwe na chujio, na maji yanatoka. Baada ya siku mbili ukipima utapata kilovolti 50 na zaidi. Kila mtu anafurahi. Miezi michache baadaye unapima tena, na maji yamerudi. Yametoka wapi?

Yametoka kwenye karatasi. Tufanye hesabu. Transfoma ya mfano wetu ina mafuta yapatayo kilo 400. Ikiwa kila kilo ina miligramu 47 za maji, maji yote yaliyo ndani ya mafuta ni gramu 19 hivi, kiasi cha kijiko kimoja cha chakula na kidogo. Sasa karatasi. Tuseme zipo kilo 50, na kwa umri ule zimenyonya unyevu wa asilimia 3. Hiyo ni kilo moja na nusu ya maji, sawa na chupa moja kubwa ya maji ya dukani. Ukichuja mafuta unatoa kile kijiko. Chupa inabaki ndani ya karatasi, na taratibu inamwaga kijiko kingine kwenye mafuta safi.

Kubadilisha mafuta yote kuwa mapya kuna kasoro hiyo hiyo. Mafuta mapya yatafyonza maji na asidi iliyobaki kwenye karatasi na kwenye tope la koili. Ipo njia bora zaidi, ya kupitisha mafuta ya moto mara nyingi kwenye udongo maalumu unaonyonya asidi, na kuzikausha koili pia. Kwa transfoma kubwa ya kituo kama cha Kyaka, yenye tani nyingi za mafuta na bei kubwa mno, kazi hiyo inaweza kulipa. Kwa transfoma ya kVA 315, kuleta mtambo huo kutoka mbali kunaweza kukaribia bei ya transfoma mpya.

Lakini hata hapo tatizo kubwa linabaki. Mafuta yanaweza kusafishwa. Karatasi haiwezi kufanywa kijana.

Karatasi ndiyo roho ya transfoma

Karatasi inatokana na nyuzi za mti. Kila uzi ni kama mnyororo mrefu wenye pingili nyingi. Karatasi mpya ya transfoma ina pingili zipatazo 1,000 kwa kila mnyororo. Joto, maji na asidi vinakata mnyororo huo polepole. Zikibaki pingili 200 hivi, karatasi inakuwa kama jani kavu la mgomba: umbo lipo, lakini ukiligusa linavunjika. Wahandisi wanahesabu hapo ndipo mwisho wa maisha ya transfoma.

Huwezi kufungua transfoma inayofanya kazi ili ukate kipande cha karatasi. Lakini karatasi inapokatika hutoa kemikali iitwayo furani, ambayo huyeyuka kwenye mafuta. Maabara ikipima furani inakadiria pingili zilizobaki. Kwa mlinganyo unaotumika sana, miligramu 4.1 inaashiria pingili zipatazo 250. Hilo ni kadirio la wastani wa karatasi yote. Sehemu yenye joto kali zaidi, kwa kawaida juu ya koili, huwa na hali mbaya kuliko wastani. Tena kama mafuta yaliwahi kuchujwa karibuni, furani nyingi huwa zimeondolewa, na namba itadanganya kwa kuonekana ndogo. Ndiyo maana mhandisi mzuri anaambatanisha historia ya matengenezo.

Sasa kwa nini karatasi iliyozeeka ni hatari kama bado inashikilia? Kwa sababu ya siku ya shoti. Tawi la mparachichi likiangukia nyaya, au radi ikipiga laini, mkondo mkubwa mara nyingi kuliko wa kawaida unapita kwenye koili kwa sehemu ya sekunde. Koili zinasukumana na kutikisika kwa nguvu. Karatasi mpya inavumilia. Karatasi ya pingili 250 inapukutika, nyaya zinagusana, na hapo fyuzi ikikatika huwezi kuibadilisha ukaendelea. Transfoma inaweza kubeba mzigo wa kila siku kwa miaka miwili mingine kama hakuna kinachoitikisa. Katika mkoa ulio jirani na Ziwa Viktoria, wenye radi kama wetu, kutegemea hilo ni kucheza kamari.

Hapo unaona pia kwa nini barua imetaja asetilini. Gesi hiyo huzaliwa pale cheche kali inaporuka ndani ya mafuta. Mhandisi angeweza kunyamaza, maana kutokuwepo kwake kunapunguza hofu. Amesema, kwa sababu inabadilisha uamuzi: hakuna haja ya kuizima transfoma leo, kuna muda wa kununua kwa utaratibu na kulinganisha bei. Kitu pekee ambacho hakina muda ni uamuzi wenyewe.

Hesabu ya pesa

Meneja anasoma vipimo kwa heshima, lakini anaamua kwa shilingi. Kiambatisho cha barua yetu kinakwenda hivi, kwa bei za mfano.

Mashine za kukoboa na mota nyingine zinavuta kilowati 200 wakati wa kazi, saa 10 kwa siku. Hiyo ni uniti 2,000 kwa siku. Kwa shilingi 200 kwa uniti, umeme wa laini ni shilingi 400,000 kwa siku. Jenereta ya kubeba mzigo huo inakula dizeli lita 55 kwa saa, yaani lita 550 kwa siku. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 1,650,000. Ukitoa umeme ambao hutanunua siku hiyo, jenereta inakugharimu zaidi kwa shilingi 1,250,000 kila siku.

Wiki 8 za siku sita za kazi ni siku 48. Zidisha: shilingi milioni 60. Hapo hatujahesabu kodi ya jenereta yenyewe. Transfoma mpya, pamoja na kufungwa, kwa profoma ya mfano ni shilingi milioni 35.

Kuna mtego hapa ambao mhandisi lazima aukwepe. Asiseme "tutaokoa milioni 60 kwa kutumia milioni 35", kwa sababu transfoma itanunuliwa kwa vyovyote vile, sasa au baada ya kufa. Swali la haki ni hili: tulipe milioni 35 sasa, au tulipe milioni 35 pamoja na milioni 60 baadaye, kwa siku ambayo hatuichagui sisi? Anayesubiri anapata faida moja tu, ya kukaa na pesa yake kwa muda. Akibahatika, anakaa nayo mwaka. Asipobahatika, anakaa nayo mpaka Julai, wakati kahawa ya wakulima imejaa ghalani na malipo yao yanasubiri ikobolewe.

Kusubiri kwa akili

Mhandisi hakuomba transfoma tu na kukaa. Ameomba mzigo usizidi kVA 190, ambao ni asilimia 60 ya uwezo. Sababu ni kwamba kwa karatasi ya kawaida, kila nyuzi joto 6 za Selsiasi zinazoongezeka kwenye sehemu ya moto ya koili huongeza kasi ya kuzeeka karibu mara mbili. Ukipunguza mzigo, joto linashuka na karatasi iliyobaki inadumu. Kwa kiwanda, maana yake ni kutowasha mashine mbili kubwa kwa pamoja.

Ameweka pia mstari wa kuizima, na ameuandika kwa namba. Hili lina manufaa mawili. Fundi wa zamu hatabishana na mtu saa nane usiku. Na uongozi umejua mapema kwamba kuna hatua ambayo haitajadiliwa tena.

Transfoma mpya ikifika haifungwi moja kwa moja. Mafuta yake nayo yanapimwa, cheti cha majaribio ya kiwandani kinakaguliwa, na namba zilizo kwenye kibati zinalinganishwa na zilizoagizwa. Kuzima na kuwasha upande wa kilovolti 33 hupangwa na TANESCO. Fyuzi za juu zinafunguliwa na laini inafungwa ardhini kabla mtu hajagusa chochote.

Mafuta ya zamani yanakwenda wapi

Hapa ndipo jambo hili linapokugusa wewe msikilizaji hata kama huna kiwanda. Mafuta ya transfoma yana thamani mtaani, na hiyo ni hatari. Nchini Kenya vyombo vya habari viliwahi kuripoti wezi wanaomwaga mafuta ya transfoma na kuyauza kwa ajili ya kukaangia vyakula. Mafuta haya si ya kula, si ya kupaka ngozi, si ya kutibu kidonda cha ng'ombe.

Baadhi ya transfoma za zamani, hasa za kabla ya miaka ya 1990, huweza kuwa na kemikali iitwayo PCB. Kemikali hiyo hukaa mwilini na kwenye udongo miaka mingi na inahusishwa na saratani. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Stockholm, ambao umezitaka nchi ziache kutumia vifaa vyenye PCB ifikapo 2025 na kuviteketeza kwa usalama ifikapo 2028. Kwa hiyo barua kamili ya transfoma ya miaka 34 inaambatanisha kipimo kimoja zaidi: PCB. Ikiwa miligramu 50 kwa kilo au zaidi, mafuta na tanki lake ni taka hatarishi, na utaratibu wake unapitia NEMC. Haviuzwi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Unachoweza kukiona wewe

Transfoma ndogo za vijijini kwa kawaida hazipelekewi maabara kila mwaka kama ya kiwanda. Zinategemea macho. Ukipita chini ya transfoma ukaona mafuta yanachuruzika kwenye tanki au nyasi zimekauka kwa mafuta, ukisikia mngurumo uliobadilika kuliko siku zote, au ukiona cheche kwenye vikombe vya juu jioni, toa taarifa ofisi ya TANESCO ya wilaya yako. Taja kijiji, kitongoji, na namba iliyoandikwa kwenye nguzo au transfoma kama unaisoma ukiwa mbali. Usipande, usiguse mafuta, na wafukuze watoto hapo.

Kwa wenye viwanda, vyama vya msingi, hospitali na shule zenye transfoma zao wenyewe, ulizeni fundi wenu maswali matatu: mafuta yalipimwa lini mara ya mwisho, majibu ya miaka iliyotangulia yako wapi, na punje za kipumulio zina rangi gani leo. Asipokuwa na jibu la swali la kwanza, kipimo kifanyike sasa, miezi ya kazi ndogo, wakati bado kuna muda wa kuandika barua na kujibiwa.